Kabla ya kumlipa muuzaji: namna ya kusoma cheti cha TBS na tangazo la marufuku

Mfanyabiashara anayetaka kuagiza losheni kutoka Dubai au siagi ya karanga kutoka nchi jirani huanza kwa kuuliza mambo matatu: bei ya kununulia, nauli ya kontena na ushuru. Swali la nne, ambalo ni kama bidhaa yenyewe inaruhusiwa kuingia nchini, huachiwa wakala wa forodha mzigo ukiwa tayari bandarini. Kufikia hapo muuzaji ameshalipwa na meli imeshaondoka. Jibu likiwa "hapana", hasara yote inabaki kwa mwagizaji.

Makala haya yanaeleza mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa, nayo ni vyeti vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na matangazo ya kupiga marufuku bidhaa. Anayevielewa viwili hivi anaweza kulijibu swali la nne akiwa bado dukani kwake, fedha zikiwa bado benki.

OFISI IMEBADILIKA

Wafanyabiashara wa siku nyingi wamezoea kwamba chakula na vipodozi ni kazi ya TFDA. Hali haiko hivyo tena. Kuanzia Julai 1, 2019, baada ya mabadiliko yaliyopitishwa katika Sheria ya Fedha ya mwaka huo, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS. Iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba, na jina lake likawa TMDA.

Kwa hiyo mwenye cheti cha zamani cha TFDA asikichukulie kuwa kinga. Anapaswa kwenda TBS kuthibitisha kama usajili wa bidhaa ile bado upo, ni wa nani na unaisha lini. Zanzibar nako kuna ofisi zake, yaani Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA) na Taasisi ya Viwango (ZBS). Mzigo ulioshushwa Malindi na kukubaliwa huko haupati kibali cha kuuzwa Dar es Salaam kwa sababu hiyo tu.

KARATASI TATU, KAZI TATU

Kosa linalowagharimu wengi ni kuamini kwamba TBS hutoa cheti kimoja kinachomaliza kila kitu. Ziko karatasi tatu, na kila moja inajibu swali lake.

Ya kwanza ni usajili. Mwagizaji wa chakula au vipodozi husajili bidhaa yenyewe, pamoja na jengo atakamoihifadhi au kuiuzia. Katika kusajili bidhaa, TBS huangalia viambato, lebo, majibu ya maabara na mahali bidhaa inakotengenezwa. Swali linalojibiwa hapa ni moja: je, losheni hii, ya jina hili, kutoka kiwanda hiki, inafaa kuuzwa nchini? Usajili ni wa bidhaa kama ilivyoombewa. Kiwanda kikibadilisha mchanganyiko, hata kama jina na rangi ya chupa ni vilevile, iliyoko ndani ya chupa si bidhaa iliyosajiliwa.

Ya pili ni cheti cha shehena, ambacho mawakala hukiita kwa herufi zake, CoC. Hiki kinatokana na utaratibu wa kukagua mizigo kabla haijasafirishwa, unaojulikana kama PVoC, ambao TBS iliuanza Februari 2012. Kampuni za ukaguzi zenye mkataba na TBS huukagua mzigo katika nchi unakotoka, huchukua sampuli, na mzigo ukifuata viwango hutoa cheti. Swali linalojibiwa ni hili: je, makatoni haya yanayopakiwa safari hii yanafuata viwango? Cheti hiki ni cha safari moja. Cha mwezi wa tatu hakiuvushi mzigo wa mwezi wa saba, hata kama muuzaji ni yuleyule.

Utaratibu huo una njia tatu. Njia A ni ya mizigo isiyo ya mara kwa mara, na kila shehena hukaguliwa na kupimwa. Njia B ni ya wauzaji wanaosafirisha bidhaa ileile mara nyingi na wameiorodhesha. Njia C ni ya viwanda vyenye rekodi nzuri vilivyopewa leseni maalumu. Mwagizaji mdogo huangukia njia A, na hapo kuna jambo la kulipigia hesabu. Ada hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya mzigo, lakini kuna kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Anayeleta makatoni thelathini anaweza kulipa ada sawa na anayeleta mia moja na hamsini. Ndiyo maana bidhaa yenye faida nzuri kwenye karatasi huweza kukosa faida ikiletwa kidogo kidogo.

Ya tatu ni alama ya ubora ya TBS, ile inayochapwa kwenye pakiti. Hii ni leseni anayopewa mtengenezaji baada ya kiwanda chake kukaguliwa na bidhaa yake kupimwa, naye huendelea kufuatiliwa. Mwagizaji mwenye cheti cha shehena hana ruhusa ya kuichapa alama hiyo kwenye lebo zake. Kufanya hivyo ni kosa, hata kama bidhaa yake ni safi.

Kwa kifupi, usajili ni wa bidhaa, cheti cha shehena ni cha mzigo, na alama ya ubora ni ya mtengenezaji. Muuzaji wa nje anayesema "bidhaa hii ina TBS" aulizwe anamaanisha ipi kati ya hizo, na karatasi yenyewe imeandikwa kwa jina la nani.

TANGAZO LA MARUFUKU LINAKATAZA NINI HASA?

Tangazo likitoka, habari huenea sokoni kwa kasi, lakini huenea ikiwa imekatwa. Mmoja husikia "losheni zimezuiwa", mwingine "mahindi yamefungwa". Mwenye fedha zake hana budi kulipata tangazo lenyewe na kulisoma, kwa sababu marufuku ni za aina nne na kila moja inamgusa mtu tofauti.

Kuna marufuku ya toleo. Inahusu bidhaa za namba fulani zilizotengenezwa siku fulani. Aliye na chupa za jina hilohilo lakini za namba nyingine hajaguswa, ila atalazimika kuionyesha namba hiyo. Aliyenunua mzigo ambao namba zake za toleo zimefutika hana cha kujitetea nacho.

Kuna marufuku ya jina, ambapo bidhaa ya jina fulani, au ya jina fulani kutoka kiwanda fulani, huondolewa sokoni.

Kuna marufuku ya kiambato. Hii ndiyo inayowaumiza wauza vipodozi, maana haitaji jina la bidhaa hata moja. Inakataza kitu kilichomo ndani, na chochote chenye kitu hicho kimekatazwa, kiwe na jina maarufu au jina jipya lililobuniwa jana. Katika orodha ya viambato vilivyokatazwa nchini Tanzania kwenye vipodozi wamo zebaki na haidrokwinoni, pamoja na dawa za jamii ya steroidi kama klobetasoli na betamethasoni. Hivi ndivyo vinavyotengeneza mkorogo. Hakuna haja ya kusubiri jina la losheni litangazwe, kwani imekatazwa tangu ilipochanganywa.

Zebaki ina marufuku nyingine juu ya hiyo. Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuuza nje na kuingiza vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, yaani miligramu moja kwa kilo. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa kikomo hicho na kuvifunga vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki ifikapo 2025. Hivyo muuzaji anayedai losheni yake ina zebaki "kidogo tu" anauza kitu kisicho na soko halali.

Mwisho kuna marufuku ya asili, yaani ya nchi bidhaa inakotoka. Hii huja ghafla na mara nyingi huondoka haraka, lakini ikiondoka huacha masharti nyuma yake.

SOMO LA MAHINDI YA 2021

Mfano mzuri wa marufuku ya asili ni ule wa Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya iliiandikia idara ya forodha barua ya kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda. Sababu iliyotolewa ni kwamba vipimo vilionyesha sumu ya kuvu kupita kiwango. Malori yakakwama mpakani.

Tarehe 10 Machi, siku tano baadaye, marufuku iliondolewa. Waliosoma kichwa cha habari tu walipakia tena kama zamani, na wengine wakakwama upya, kwa kuwa mlango ulifunguliwa kwa masharti. Mwagizaji alitakiwa awe amesajiliwa. Shehena ilitakiwa iwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu ya aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni. Ilihitajika pia hati ya kuonyesha mahindi yametoka wapi.

Kiwango hicho cha 10 ndicho kilichomo katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki, na inafaa kukielewa kwa macho ya mfanyabiashara. Sehemu 10 katika bilioni ni miligramu 10 katika tani moja. Lori la tani 30 linafikia kikomo likiwa na miligramu 300 za sumu, yaani chini ya theluthi moja ya gramu. Tena sumu hiyo haisambai sawasawa. Hukaa kwenye punje chache zilizoota kuvu, na gunia moja linaweza kuwa chafu huku la pembeni yake likiwa safi. Ndiyo sababu mzigo mmoja huweza kufaulu kwenye maabara ya muuzaji na kuanguka mpakani bila mtu yeyote kudanganya. Mmoja alichota gunia la juu, mwingine akachota la chini.

Hali hiyohiyo inaihusu karanga, na siagi yake. Kwa hiyo karatasi ya maabara ya muuzaji isomwe kwa maswali: sampuli ilichukuliwa na nani, kutoka magunia au ndoo ngapi, na namba ya toleo iliyoandikwa juu yake ni ile ya mzigo unaonunuliwa? Karatasi isiyo na namba ya toleo inaeleza habari za mzigo wa mtu mwingine.

MFANO WA KONTENA LA KUCHANGIA

Chukua mfano wa kubuni wa mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza bidhaa tatu katika kontena la kuchangia. Losheni ya siagi ya kakao ananunua kwa dola 8,000, losheni ya "kung'arisha" kwa dola 6,000, na siagi ya karanga kwa dola 6,000. Jumla ni dola 20,000. Baada ya gharama zote anatarajia faida ya asilimia 20 kwenye kakao, ambayo ni dola 1,600. Asilimia 30 kwenye ya kung'arisha, dola 1,800. Na asilimia 20 kwenye siagi ya karanga, dola 1,200. Mambo yakienda sawa, safari moja inampa dola 4,600.

Losheni ya kung'arisha ndiyo yenye faida kubwa, na ndiyo anayoitamani. Sasa tuseme ina haidrokwinoni. Gharama ya kuligundua jambo hilo inategemea limegunduliwa wapi.

Likigunduliwa dukani kwake, kabla ya malipo ya awali, gharama ni ndogo. Anamwomba muuzaji orodha kamili ya viambato kwa maandishi pamoja na chupa mbili tatu za sampuli. Orodha ikija kwa simu au barua pepe, anaitafuta kwa maneno haya jinsi yanavyoandikwa kwenye lebo:

```
hydroquinone
1,4-benzenediol
mercury
mercurous chloride
calomel
clobetasol propionate
betamethasone
```

Neno moja likionekana, biashara hiyo imeishia hapo. Lisipoonekana, bado hajafika, kwa kuwa mwenye kuficha haandiki. Sampuli ipelekwe maabara, kwa mfano ya TBS iliyoko Ubungo, na ombi litaje kinachotafutwa. Maabara hupima ilichoombwa. Losheni iliyopimwa vijidudu peke yake itapata majibu mazuri hata ikiwa imejaa zebaki. Hata kama kipimo, usafiri wa sampuli na muda vitamgharimu, tuseme, dola 200, hiyo ni sehemu ndogo ya dola 1,800 anazozitazamia.

Likigunduliwa katika ukaguzi wa nchi ya asili, atakosa cheti kwa losheni hiyo. Malipo ya awali yanaweza kupotea na safari ikachelewa, lakini anaweza kuiacha huko na kupakia nyingine mbili.

Likigunduliwa bandari ya Dar es Salaam, hesabu inageuka. Bidhaa isiyofuata viwango huamriwa kurudishwa ilikotoka au kuteketezwa, na gharama ni za mwagizaji. Kurudisha losheni ya dola 6,000 kwa muuzaji asiyeitaka si rahisi, kwa hiyo mwisho wake huwa ni kuteketezwa. Faida ya bidhaa nyingine mbili ni dola 2,800. Ukitoa dola 6,000 zilizoteketea, amebaki na hasara ya dola 3,200 kabla hajalipa nauli ya makatoni yaliyochomwa, gharama za uteketezaji, na kodi ya kuhifadhi mzigo uliosubiri majibu. Faida ya safari nzima nyingine ya kakao na karanga haitoshi kuliziba pengo hilo.

Likigunduliwa rafuni, baada ya kupita kwa bahati au kwa njia za panya, kuna hasara ya mzigo uliobaki na kesi juu yake. Wakaguzi wakiingia dukani hawaulizi mzigo ulipitaje, bali humshughulikia aliyeukuta nao. Mwenye duka la rejareja aliyenunua kwa jumla bila risiti hubeba peke yake kosa la mtu aliyemuuzia.

DALILI ZA KUANGALIA

Kuna dalili ambazo mwagizaji anaweza kuziona kabla hata ya maabara. Lebo inayotaja maua na matunda bila orodha ya viambato. Losheni inayoahidi kung'arisha ngozi kwa siku saba. Bidhaa inayoelezwa kuwa losheni ilhali ndani ina dawa ya ngozi, ambayo kwa sheria ni dawa na iko chini ya TMDA. Muuzaji anayetoa sampuli yenye lebo moja na profoma yenye jina lingine. Namba ya toleo iliyobandikwa juu ya namba nyingine. Na cheti cha shehena ambacho muuzaji anakitoa kabla mzigo wenyewe haujatengenezwa. Hicho ni cha mzigo wa zamani, au si cha kweli. Namba ya cheti ithibitishwe TBS au kwa kampuni iliyotajwa kukitoa, na wakala wa forodha asiwe ndiye shahidi pekee.

Kwenye mkataba na muuzaji iwekwe sentensi moja, kwamba salio litalipwa baada ya cheti cha shehena kutoka kwa jina la mwagizaji, kikiwa na namba za toleo za mzigo huu. Muuzaji mwenye bidhaa safi hapotezi kitu kwa sharti hilo, bali husubiri siku chache tu. Anayelikataa ameshajibu swali la nne.

TANGAZO LIKITOKA MZIGO UKIWA NJIANI

Limebaki jambo la mzigo uliokwisha kuondoka tangazo linapotoka. Mwagizaji atafute nakala ya tangazo na asome mambo manne: limetolewa na ofisi gani, linaanza tarehe ipi, linakataza nini kati ya kuingiza, kuuza na kutengeneza, na linasema nini juu ya bidhaa zilizoko njiani. Kama halisemi kitu, aiandikie ofisi iliyolitoa akiambatisha hati ya meli yenye tarehe ya kupakia. Barua iliyoandikwa kabla meli haijafika ni ombi la mwongozo. Iliyoandikwa baada ya kontena kuzuiwa husomwa kama utetezi, na wakati huo gharama za bandari zinahesabiwa kila siku.

Mfanyabiashara wa mfano wetu, akiiacha losheni ya kung'arisha na kuleta mbili zilizobaki, anapata dola 2,800 badala ya 4,600. Tofauti ya dola 1,800 ndiyo ujira aliokuwa akiahidiwa kwa kuhatarisha dola 6,000.